Naomba ushauri: cheti cha mazingira kina jina la kampuni nyingine

Wanajukwaa, naombeni ushauri. Karibu na kijiji chetu, Mbeya Vijijini, kuna machimbo ya kokoto ambayo vumbi lake linaingia hadi kwenye chanzo cha maji. Nakala ya cheti cha Tathmini ya Athari kwa Mazingira kilichotolewa chini ya Sheria ya mwaka 2004 inataja kampuni moja, leseni ya madini ina jina la mtu binafsi, na bango la getini linataja kampuni ya tatu, ambayo msimamizi anadai ni mkandarasi tu wa kusaga mawe.

Ninavyoelewa, masharti ya cheti humbana aliyetajwa humo, na mradi ukiuzwa cheti hakihami chenyewe, bali uhamisho hutaarifiwa NEMC, baraza la taifa la mazingira, kwa maandishi. Je, barua ya malalamiko tumwandikie nani, na BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, itatuonyesha kama wamiliki wa kampuni hizo ni walewale?