Hodi ya wawili

Mdogo: Hamjambo wote. Leo alfajiri nimepima, mistari miwili. Mwenyewe yuko kazini mpaka usiku na sitaki kumwambia kwa simu. Nataka akute kikaratasi mezani, kwa maneno yale tuliyokuwa tukiandikiana enzi za uchumba. Nimeandika nikafuta mara nne.

Mama Mdogo: Kikaratasi kwa mume mnayelala kitanda kimoja? Mmenuniana? Mwite mkae chini, mwanangu. Karatasi haipatanishi watu.

Dada: Mama Mdogo, soma tena juu. Ana mimba! 😭 Hongera mdogo wangu.

Mama Mdogo: Mungu wangu. Nilisoma mbio. Hongera sana mama.

Shangazi: Hongera. Mstari wa pili umekolea? Uliusoma baada ya muda gani?

Mdogo: Ni hafifu lakini unaonekana. Niliusoma dakika ya 3, kama pakiti ilivyoelekeza.

Shangazi: Ukitokea ndani ya muda wake, hata hafifu unahesabika. Ungeuona baada ya saa nzima ningekuwa na shaka, mkojo ukikauka huacha kivuli kinachofanana na mstari. Rudia kesho kutwa kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, utauona umekolea zaidi. Haya, tuoneshe ulichoandika.

Mdogo: "Kwako ua la moyo wangu. Salamu zangu ni nyingi kama mchanga wa pwani. Dhumuni la waraka huu ni kukujulisha kuwa kuna mgeni njiani."

Dada: "Mgeni njiani" toa. Mimi niliandika hivyohivyo, baba watoto akaelewa mama yake anakuja. Nikamkuta anatandika chumba cha pili. Ile furaha niliyoitunza kutwa nzima ikaishia kwenye maelezo.

Shangazi: Na hilo ua na mchanga ni la barua za watu wote. Yeye alikuwa akikuandikia nini hasa?

Mdogo: Simu niliyotumia ilikuwa ya nyumbani, kila mtu aliisoma. Basi alikuwa anatuma neno moja tu, "Hodi." Namjibu, "Hodi ya nani?" Anasema, "Ya yule asiyelala." Tukimaliza anaandika "Nakusubiri." Nakupenda hakuiandika hata siku moja mpaka tulipooana. Hiyo "nakusubiri" ndiyo ilikuwa nakupenda yetu.

Shangazi: Sasa umeshapata barua. Safari hii wewe ndiye upige hodi. Na kwenye "nakusubiri" ongeza herufi mbili tu mwanzoni, iwe "tunakusubiri". Mtu aliyeisoma "nakusubiri" kila usiku hiyo "tu" haitampita.

Dada: Aisee. 😭

Binamu: Atie na wiki, wanaume wanapenda hesabu. Kama ilishika katikati ya mwezi uliopita, basi ni wiki 3.

Shangazi: Umri wa kilichomo tumboni hujakosea sana, lakini kliniki watamwandikia tofauti. Wanahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mdogo, ilianza lini?

Mdogo: Tarehe 3 Juni. Leo 10 Julai.

Shangazi: Siku 37, yaani wiki 5 na siku 2. Ongeza siku 7 kwenye ile 3 Juni, rudi nyuma miezi 3, unapata 10 Machi mwakani, tarehe ya kutarajia kujifungua. Hiyo ni kama mzunguko wako ni wa siku 28. Ukiwa mrefu, tarehe inasogea mbele, na kipimo cha picha kinaweza kuibadilisha. Kwa hiyo usimwandikie siku, andika mwezi. Na ukiumwa tumbo upande mmoja au ukaona damu, usisubiri kliniki, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Mama Mdogo: Mimi ningengoja miezi mitatu ndipo niseme kwa mtu yeyote.

Dada: Hata kwa mwenye mtoto? Mimba yangu ya pili iliharibika wiki ya 8. Angekuwa hajui, ningelia peke yangu.

Mama Mdogo: Pole mwanangu, hukuwahi kuniambia. Lakini kwa wakwe bado nasema angoje.

Mdogo: La wakwe tutaamua naye. Nimemaliza, naiacha chini ya funguo zake za akiba:

"Hodi.
Ukiuliza ni hodi ya nani, ni ya yule aliyekujibu usiku ule wote kwa simu isiyo yake. Lakini leo sikuja peke yangu. Nimepima asubuhi, nina mimba yako. Tukijaaliwa, mwezi wa 3 utambeba.
Rudi salama.
Tunakusubiri."

Shangazi: Usiongeze hata nukta.

Binamu: Umeandika "nina mimba" wazi kabisa, siyo mafumbo?

Mdogo: Hapo sitaki akisie.

*Saa 4:12 usiku*

Dada: Wee, kimya gani hiki? Amefika?

Mdogo: Amefika. Ameisoma amesimama, begi bado begani. Hajasema kitu. Amechukua kalamu akaandika chini yake, "Karibuni."