Redio za bluetooth sita, simu inasema Paired, saiti kimya. Nimepigwa wakuu!

FomeniGhorofaNane:

Wakuu salaam, nina hasira, msinishangae nikiandika ovyo. Mimi ni fomeni kwenye saiti ya ghorofa nane hapa Dodoma, zege letu linachanganyiwa yadi nyingine mbali kidogo na woki-toki za kawaida hazifiki huko. Vijana wamevaa glovu, huwezi kumwambia mtu anayefunga nondo atoe simu mfukoni kila dakika. Nikaenda dukani, muuzaji kanionyesha redio zina bluetooth, kasema unaoanisha na simu, simu inakaa mfukoni, kijana anabonyeza kitufe cha kuongea, PTT, kwenye redio na sauti inapita kwenye app ya simu kwa bando hadi yadi. Nikachukua sita kwa hela ya ofisi.

Asubuhi nikawakusanya vijana sita, redio zote zimewashwa, simu zote zinatafuta. Kwenye orodha yanatokea majina sita yanayofanana mpaka herufi ya mwisho!! Nani ya nani? Simu ya mtu wa chuma ikashika redio ya mtu wa umeme, tukafuta tukaanza upya, saa nzima imeenda na lori la zege liko getini linazungusha. Mwisho zote zikaandika Paired tukapiga makofi kama mazuzu. Bonyeza PTT, redio inarusha kwenye chaneli yake ya siku zote, redio zenzake zinasikia, simu haina habari kabisa, app imenyamaza. Ukigusa jina kwenye simu inaandika Connected sekunde mbili halafu inarudi Paired.

Nikarudi dukani nikapiga kelele, wakanipoza kwa kunipa maiki mbili za begani za bluetooth, zile za kubana kwenye kola, hela sijarudishiwa. Hizo kweli zikaongea na app. Nikampa moja mpiga ishara wa kreni na nyingine opereta, na hapa ndipo nilipotaka kulia. Ndoo ya zege iko hewani, kijana kapita chini, mpiga ishara kabonyeza kapiga kelele "Usishushe!" na kule juu kwenye kreni ikafika "...shushe". Opereta kashusha! Kijana kasikia kelele za wenzake akaruka, ndoo imetua pale alipokuwa. Hajaumia, lakini mimi mpaka sasa mikono inatetemeka.

Hivi hizi takataka zimetengenezwa kwa ajili ya nani?

MzeeWaRange:
Pole mkuu. Tatizo ni simu za vijana wako, ni za zamani. Bluetooth ya zamani mwisho mita 10, nunua simu zenye bluetooth 5 itafika mpaka juu ghorofani.

FomeniGhorofaNane:
Mzee umesoma kweli? Simu iko mfukoni redio iko kiunoni, ni mtu mmoja huyo huyo!

SpanaNaWaya:
Umbali sio shida yake, ingawa ni kweli bluetooth ina mwisho wake, hata hiyo 5, ukiacha simu ofisini ukapanda na redio itakatika, hata mwili wa mtu peke yake unazuia mawimbi yale.

Fomeni nisikilize, nimefunga redio kwenye migodi miaka kadhaa. Kwenye bluetooth ya sauti lazima kuwe na bosi mmoja na kibarua mmoja. Simu ni bosi, hedseti ni kibarua. Sasa redio nyingi zenye bluetooth zimetengenezwa nazo ziwe bosi, yaani zimewekewa bluetooth ili uzivalishe hedseti isiyo na waya, au fundi azipange chaneli kwa app ya simu. Ukikutanisha simu na redio ya namna hiyo zitasalimiana, zitapeana namba ya siri, zitaandika Paired, halafu kila moja inasubiri mwenzake abebe mzigo. Ndiyo hiyo Connected ya sekunde mbili.

Usiniamini, pima. Chukua zile hedseti za masikioni za bei rahisi, zima bluetooth ya simu, jaribu kuziunganisha na redio. Zikikubali ukasikia redio masikioni basi redio ni bosi, na kwa kawaida hakuna mipangilio ya kuigeuza. Halafu pima kinyume, iunganishe na simu, mtu akupigie simu ya kawaida. Sauti ikitokea kwenye redio basi inakubali kuwa kibarua na kuna matumaini. Na hata hapo umepata sauti tu, kitufe ni habari nyingine. Kitufe cha PTT kinapeleka taarifa kwa njia yake na app lazima ikitambue, ndiyo maana app kama Zello ina sehemu ya kuongeza vitufe. Wengi wanapata sauti, wanabonyeza, hakuna kitu, wanadhani redio mbovu.

BintiWaStoo:
Sisi tulikuwa na hilo la majina kufanana kwenye skana za stoo. Dawa ni kuwasha moja tu, nyingine zote zimezimwa, oanisha, ipe jina kwenye simu, ipake rangi ya kucha sawa na kava ya simu yake, halafu ndio uwashe ya pili. Mtu akibadilishiwa simu futa kwanza kwenye simu ya zamani, la sivyo kila asubuhi simu ya zamani ikiwa karibu inaiwahi.

Kibali_Kwanza:
Hizo redio sita zina leseni ya masafa ya TCRA? Maana kila siku mnalia vifaa vibovu na mnarusha bila kibali.

FomeniGhorofaNane:
Leseni ipo ofisini, tusihame mada. SpanaNaWaya, hiyo "shushe" je?

SpanaNaWaya:
Hiyo ndiyo imenitia baridi. Mtu akiwa kimya bluetooth haiachi njia ya maiki wazi, ingemaliza betri. Ukibonyeza, simu inaanza kuifungua, inaweza kula nusu sekunde hadi sekunde nzima, halafu mtandao nao una uzito wake. Silabi zilizosemwa kabla ya njia kufunguka zimepotea. Na kiswahili chetu kinaweka kukataza mwanzoni mwa neno! Usishushe ikikatwa kichwa inakuwa amri ya kushusha. Usivute inakuwa vute.

Bonyeza, subiri mlio wa tit, ndio uongee. Lakini mtu mwenye hofu hasubiri mlio, kwa hiyo kwenye kreni toa kabisa hayo mambo ya simu. Rudisha woki-toki ya moja kwa moja na chaneli yake peke yake, nayo inakata ukiwahi kuongea kabla ya kubonyeza lakini kidogo sana. Katazo liwe "simama simama simama", likikatwa mwanzo bado ni simama. Na opereta asipomsikia mpiga ishara wake anasimamisha mzigo, haulizi.

Mzuka_Saiti:
Mimi app yangu inaacha njia ya maiki wazi muda wote na hakikatwi kitu.

SpanaNaWaya:
Na betri ya maiki inafika saa ngapi?

Mzuka_Saiti:
Saa saba mchana hoi. Ila natembea na pawabenki.

FomeniGhorofaNane:
Nimejaribu hedseti za masikioni za mwanangu. Redio zote sita zimezikubali palepale, sauti safi. Kumbe nimeuziwa mabosi sita! Kreni imerudi kwenye woki-toki tangu mchana. Maiki mbili nimewapa mtu wa yadi na mtu wa geti, kule neno likikatwa tutaongezewa tripu ya zege tu. Jumamosi niko mlangoni dukani na hizi hedseti mkononi, maana simu yangu hawapokei tena.