Tupeane uzoefu: barua pepe ya kwanza kwa familia mwenyeji Estonia

Binti Pangani: Mdogo wangu anakwenda kusoma Tartu, na familia itakayompokea ameamua kuiandikia kwa Kiestonia. Anasema ana masanduku mawili na begi moja la mgongoni, hana jaketi la baridi, hali nguruwe. Waliopitia huko, semeni kabla hajaituma.

```
Tere! Mul on kaks kohver ja üks seljakott.
Mul ei ole talvejope. Ma ei söö sealiha.
```

Mzee wa Narva: Kaks kohvrit. Talvejopet. Kwingine salama.

Kibibi: Rahisi tu: baada ya namba na baada ya ei, bandika t.

Mwl. Rehema: Kibibi, utampoteza mtoto. Üks haidai kitu, ndiyo maana seljakott imebaki ilivyo. Kuanzia mbili ndipo jina linaingia osastav, lile umbo ambalo kohver inakuwa kohvrit, tena la umoja. Sisi tuliozoea kusema "masanduku mawili" mkono unakimbilia wingi, tunaandika kaks kohvrid. Na t haiji kila mahali: vend, kaka, inakuwa kaks venda, päev, siku, inakuwa viis päeva. Sealiha haibadiliki sura, kwa hiyo hapo huwezi kujua kama mtoto anajua au kabahatisha. Ashike kila jina na maumbo yake matatu: kohver, kohvri, kohvrit.

Kibibi: Sawa, ila ei ni ei. Hapo hakuna mjadala.

Mwl. Rehema: Upo. Mul ei ole autot, sina gari: limebadilika. Ma ei ole õpetaja, mimi si mwalimu: halijabadilika.

Mama Asha: Jaketi anunue huku au huko?

Sudi: Ngojeni niwape la binamu yangu. Aliandika "Tulen Tartusse kaks nädal", akimaanisha anafika baada ya wiki mbili. Wenyeji wakadhani amekosea mwisho wa neno tu, wakasoma kaks nädalat, yaani anakaa wiki mbili. Chumba wakamwahidi mgeni mwingine wa kufuata. Binamu anashuka na mizigo ya mwaka mzima! Mama mwenyeji akachukua penseli, akamwandikia nyuma ya bahasha: kahe nädala pärast, baada ya wiki mbili, kaheks nädalaks, kwa wiki mbili. Ndipo wote wakaelewana.

Kibibi: Maskini! Akalala wapi?

Sudi: Sebuleni, mpaka alipopata bweni.

Chuma: Ndiyo maana nasema aandike Kiingereza. Mambo ya chumba si ya kufanyia mazoezi.

Mwl. Rehema: Sikubali. Tarehe aandike kwa tarakimu, mengine aandike Kiestonia.

Binti Pangani: Akitaka kusema "nakuja na masanduku mawili" ni Tulen kaks kohvritga?

Mzee wa Narva: Hapana. Tulen kahe kohvriga. Namba nayo inageuka, osastav haipo tena.

Kibibi: Sasa hiyo kanuni ya namba imekwenda wapi?

Mama Asha: Jamani, jaketi.