"Fundi wetu bado anajifunza": leo nimedhalilishwa mbele ya meza ya maiki 14

NyayaMkononi ameanzisha uzi:

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya gari nje ya ukumbi, mikono bado inatetemeka. Yule bwana mnamjua. Simtaji, wala hakuna haja. Kila aliyewahi kufunga spika kwenye kumbi za mji huu ameshakutana naye: kaunda suti, rundo la funguo kiunoni, na hajakunja waya hata mmoja tangu nchi ipate uhuru.

Leo, mbele ya watu arobaini, ameshika maiki NILIYOIFUNGA MIMI akasema: "Samahanini waheshimiwa, fundi wetu bado anajifunza."

Anajifunza! Mimi!

Nilifika jana saa mbili usiku. Meza ya umbo la U, maiki 14 za shingo ndefu, spika nne za dari, mbili kati ya hizo zimefungwa juu ya vichwa vya wanaoongea utadhani aliyezifunga alitumwa na adui. Nikachukua maiki moja peke yake, ile iliyo karibu zaidi na spika, nikapandisha mpaka ikaanza kulia. Nikakata masafa yaliyokuwa yanalia, nikapandisha tena, nikakata tena, mara tatu. Ilipofika mahali ambapo kila nikipandisha inalia masafa mengi kwa pamoja, nikaacha kukata na nikashusha desibeli 6. Hiyo ndiyo akiba yangu. Kisha dogo wangu akazunguka meza nzima anahesabu moja mpaka kumi kwa sauti ileile, kiganja kimoja na nusu kutoka kwenye maiki, nami nikasawazisha geini ya kila moja. Fida zote sifuri. Besi nikakata chini ya hezi 120, maana waheshimiwa wakigonga meza na mafaili ni kama ngoma ya unyago. Mwisho nikaziingiza zote 14 kwenye otomiksa ya Dugan, zote `auto`.

Asubuhi mkutano ukaenda saa nzima bila mluzi hata mmoja. Mtu akiongea mwanzo wa meza anasikika, wa mwisho akijibu anasikika, mimi nimekaa mikono kifuani.

Ndipo akaja. Akainamia kishikwambi changu. "Mbona hizi taa zinapanda na kushuka? Maiki zako zinajizima zenyewe." Nikamwambia mzee, zinagawana, usiguse. Akagusa. Kidole kinene kile, `man` kwenye maiki ya kwanza. `man` ya pili. Ya tatu, ukumbi ukaanza kuunguruma kwa chini. Ya nne, Mungu wangu! Ule mluzi nadhani umesikika mpaka stendi ya mabasi. Mwenyekiti akaziba masikio kwa karatasi za ajenda. Mama mmoja akamwaga chai.

Na yeye, badala ya kurudisha, akanyakua maiki: "Fundi wetu bado anajifunza."

Nimemaliza. Sijamaliza. ANAJIFUNZA!

Kifaranga_TZ: Mkuu pole sana, ila hapo kwenye kaunda suti na funguo nimeshamjua. Aliwahi kuniambia spika yangu inakoroma kwa sababu nimeiweka ikitazama mashariki.

NyayaMkononi: Huyohuyo!

DJ_Mkaa: Mimi sioni kosa lake. Maiki ikizimwa mtu ataongeaje? Ungeweka geti kwenye kila maiki ukamaliza. Mtu akiongea inafunguka, akinyamaza inafunga. Hizo `auto` zako ni mbwembwe tu.

MzeeWaSpika: DJ, umeshika nusu ya jambo. Ni kweli kinachotakiwa ni maiki chache kuwa wazi kwa wakati mmoja. Lakini geti linasubiri sauti ivuke kizingiti ndipo lifungue, kwa hiyo mheshimiwa mwenye sauti ndogo akisema "Ndugu Mwenyekiti", kwenye spika inafika "wenyekiti". Ukishusha kizingiti ili umhudumie, karatasi ikichakacha inafungua maiki tano. Na ukiweka geti kabla ya otomiksa ya Dugan unaiharibia hesabu, kwa sababu inahitaji kusikia maiki zote muda wote ili ijue nani anaongea.

Dugan haizimi kitu. Inajumlisha sauti za maiki zote, halafu kila maiki inapewa fungu kulingana na ukubwa wa sauti yake ndani ya ile jumla. Anayeongea peke yake anapata karibu fungu lote. Wakiongea wawili sawasawa, kila mmoja anashushwa desibeli 3. Wakinyamaza wote 14, kila maiki inakaa chini kama desibeli 11 na nusu. Wakati wowote, jumla yake ni sawa na maiki moja iliyo wazi. Ndiyo maana taa zinacheza. Zikiacha kucheza ndipo uogope. Dan Dugan wa San Francisco amekuwa akilifanyia kazi jambo hili tangu miaka ya 1970, sasa bwana wa funguo anakuja kulifuta kwa kidole.

Na nikueleze kwa nini ililia pale pale, Nyaya. Maiki iliyowekwa `man` inatoka kwenye mgao, inasimama wazi kabisa. Alipofika ya tatu ulikuwa na tatu wazi, pamoja na zile 11 zilizobaki zikigawana fungu la moja. Jumla nne. Kila idadi ya maiki wazi inapoongezeka maradufu unapoteza desibeli 3: kutoka moja kwenda mbili 3, kutoka mbili kwenda nne 3 nyingine. Akiba yako ilikuwa 6. Imekwisha hapo hapo, ndiyo maana ukasikia muungurumo. Ya nne ilikuwa lazima ilie. Kwenye kumbi nyingine ingelia mapema au ikachelewa kidogo, inategemea ni maiki zipi ziko chini ya spika, lakini kwako hesabu imekubali.

NyayaMkononi: Mzee umenitoa machozi. Unaona? Ya tatu muungurumo, ya nne mluzi. Na mimi ndiye ninayejifunza!

Kifaranga_TZ: Lakini mkuu, na wewe kishikwambi kimekaa mezani kama sahani ya karanga, kila mpita njia anachota. Huna namba ya siri?

DogoWaKebo: 😂😂 Saa nzima mikono kifuani, angalau mkono mmoja ungekuwa juu ya kishikwambi.

NyayaMkononi: Nilikuwa nimekifungua kwa sababu maiki namba 9 ilikuwa inanisumbua! Ilikuwa chini ya kiyoyozi. Wote wakinyamaza, zingine zimezama chini kabisa, hiyo 9 peke yake iko juu inachukua fungu kubwa la upepo. Nilikuwa naishushia `weight` taratibu mpaka ilingane na wenzake. Nimefika nusu, kidole kinene kikaingia.

MzeeWaSpika: Hapo ulikuwa sahihi, ukumbi ukiwa kimya taa zote zinatakiwa zikae karibu usawa mmoja. Ila ningeanza kwa kugeuza yale mabapa ya kiyoyozi. `weight` ukiishusha sana, atakayekaa namba 9 itabidi aongee kwa nguvu kuwashinda wenzake kwenye mgao.

NyayaMkononi: Ngazi hawakunipa. Funguo za stoo anazo nani? Kiunoni kwa nani?

MamaKwaya: Samahanini wakaka, naomba kuuliza. Kwaya yetu ina maiki nane na zinalia kila Jumapili. Hii otomiksa nikiinunua waimbaji wataacha kulia?

DJ_Mkaa: Waimbaji au maiki?

MzeeWaSpika: Mama, kwa kwaya usiitumie. Wote wanaimba kwa pamoja, sasa igawe nini? Itakuwa inamshusha alto kila soprano akipaza. Na jambo moja wote mlijue: kama maiki moja peke yake inalia, otomiksa haitakusaidia kitu. Inakurudisha kwenye hali ya maiki moja, basi. Mama, sogezeni maiki karibu na midomo, na spika zisogee mbele ya waimbaji. Zimekaa wapi sasa?

MamaKwaya: Nyuma yao, mchungaji anasema mbele zinaziba maua.

Baharia_Mvita: Asalaam aleikum ndugu zangu wa bara. Nyaya, pole, lakini wewe umetukanwa mara moja, mimi natukanwa kila wiki huku Mombasa. Tena langu lina wageni wa mtandaoni. Meza ya maiki kumi, kila mtu wa upande wa pili akiongea anajisikia mwenyewe anarudi. Nimeiweka ile sauti yao kwenye otomiksa pamoja na maiki, ikawa balaa zaidi.

MzeeWaSpika: Itoe haraka, Baharia. Wageni wakiongea sauti yao inachukua fungu lote, maiki za mezani zinazama, mtu wa ukumbini akidakia hasikiki. Otomiksa ni ya maiki za watu tu. Sauti ya kompyuta ipite njia yake. Na wageni wasirudishiwe sauti yao wenyewe: tengeneza mchanganyiko wa kwao wenye maiki peke yake.

Baharia_Mvita: Nimeitoa, nimetenga, na mwangwi bado upo. Unaingia kwa maiki kutoka spika.

SautiSafi77: Unahitaji kifuta mwangwi kwenye kila maiki kabla ya otomiksa. Ukikiweka baada, kila mgao unapobadilika kinaanza kujifunza ukumbi upya.

DJ_Mkaa: Mbona mimi natumia kile cha ndani ya programu ya mkutano, baada ya kila kitu, na hakuna aliyelalamika?

SautiSafi77: Maiki ngapi?

DJ_Mkaa: Mbili.

Baharia_Mvita: Mie nna kumi, na bosi hanunui kifaa kingine hata umlilie. Nifanyeje?

SautiSafi77: Shusha spika za ukumbini wageni wanapoongea. Si dawa, ni kupunguza homa.

NyayaMkononi: Wakuu turudi kwenye uzi. Alisema ANAJIFUNZA kupitia maiki namba 4, ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa kwenye mgao!

DogoWaKebo: Mkuu tumeelewa. Walikulipa lakini?

NyayaMkononi: Wamesema wiki ijayo.

Kifaranga_TZ: Wiki ijayo! Mimi nadai tangu mfungo. Kuna mmoja hapa mjini, mnamjua, yule wa miwani mikubwa...

DogoWaKebo: Wa gari la bluu?

Kifaranga_TZ: Huyo! Na aliniambia chai ya mafundi haimo kwenye bajeti.

Baharia_Mvita: Sisi chai tunapewa, sukari hakuna.

MamaKwaya: Nimeongea na mchungaji, amekubali maua yasogee. Spika ziwe mbele hatua ngapi?