Naomba ushauri: uso ukiinama, programu haiuoni

Habari zenu wakuu. Niko Bagamoyo, nahariri filamu fupi ya wavuvi. Mwigizaji wetu hajui kuogelea, kwa hiyo aliyejirusha kutoka kwenye ngalawa ni mwenzake, na wote wameridhia nibadilishe sura. Akiwa wima kazi inakwenda vizuri. Akishapinduka hewani tu, sura ya mrukaji inarudi kwa fremu 11, na hapo ndipo mtazamaji anakodoa macho.

Sababu moja nimeiona: kigunduzi cha nyuso kinapunguza upana wa picha kutoka 1920 hadi 640, hivyo uso wa pikseli 36 unabaki 12. Nilikata eneo la kichwa, nikalikuza mara 3, na nyuso ndogo zilizo wima zikaonekana. Kisha nikakizungusha kipande nyuzi 90, 180 na 270. Zilizolala zinapatikana, ila zilizoinama kama nyuzi 45 macho yanawekwa pembeni kidogo, na nikirudisha kwenye fremu ya asili sura inatetemeka.

Je, nizungushe kila nyuzi 30 na kuchagua jibu lenye uhakika mkubwa, au nikisie mwinamo kwa mstari wa macho wa fremu iliyotangulia? Na sura niibadilishe kipande kikiwa bado kimekuzwa, au nikirudishe kwanza kwenye ukubwa wake?