Bosi kasoma hotuba akaniuliza, "Hii ni ya nani?" Nitaipataje sauti yake?

Jirani_wa_Kondele

Habari za jioni wadau. Niko Kisumu, nafanya kazi ya mawasiliano katika shirika dogo linaloshughulika na wakulima wa mpunga wa Ahero na West Kano. Mkurugenzi wetu ni mama ambaye akishika maikrofoni watu hunyamaza wenyewe. Alhamisi ijayo atawahutubia wakulima pamoja na wageni wa kaunti nyingine, kwa hivyo ametaka hotuba ya Kiswahili, dakika saba. Kwa kawaida haandikiwi, ila mara hii wageni wameomba nakala mapema.

Nikamwandikia. Mwanzo ulikuwa huu: "Ningependa kuchukua fursa hii kuwashukuru nyote mliofika. Shirika letu limejitolea kuhakikisha kwamba wakulima wanapata bei bora." Aliisoma akiwa mlangoni, mkoba begani, akaniuliza, "Hii ni ya nani?" Nikadhani anauliza ni ya mkutano upi, nikamjibu ya Alhamisi. Akacheka, akaenda zake.

Kumpata tena aketi ni kazi. Nilicho nacho ni barua pepe zake za miaka minne, karibu zote kwa Kiingereza, na rekodi tatu: kikao cha wakulima, mahojiano ya redio na mkutano wa wafanyakazi. Humo anachanganya Kiswahili, Dholuo na Kiingereza. Nianzie wapi?

Fundi_Spika

Kama rekodi ina kelele, itie kwenye Audacity, chagua sekunde mbili za kelele tupu, kisha uipunguze. Sauti yake itatoka safi kabisa. Usipandishe sana, itasikika kama mtu aliye ndani ya mtungi.

Jirani_wa_Kondele

Asante ndugu, lakini sauti ninayoitafuta ni ile ya maneno yake, namna anavyoongea. Rekodi zasikika vizuri.

Fundi_Spika

Aa, pole. Basi mimi nakaa kando nisome.

Mrembo_wa_Maneno

Hiyo ni rahisi. Sikiliza rekodi, orodhesha misemo anayoipenda, halafu inyunyize kwenye hotuba yako. Bosi wangu wa zamani alikuwa hawezi kumaliza sentensi mbili bila "mambo ni matatu". Nikimwekea hiyo kila ukurasa, anafurahi, na watu wanasema ni yeye mwenyewe.

Karani_Mstaafu

Mrembo, kukusanya misemo ni sawa, kunyunyiza ndiko kunakoharibu. Nimewaandikia wakubwa hotuba hapa Nakuru zaidi ya miaka ishirini, na hotuba iliyojaa misemo ya mkubwa husikika kama mtu anayemwigiza kwenye sherehe ya ofisi. Watu wanacheka kidogo na yeye hajui wanacheka nini.

Jirani, kabla ya kutafuta sauti kwenye barua pepe, hakikisha ni yeye aliyeziandika. Wakurugenzi wengi wana msaidizi anayewapangia barua. Zile ndefu zenye aya nzuri na "tafadhali pokea salamu zangu" ziweke kando. Tafuta zilizotoka kwenye simu yake usiku au akiwa safarini, mistari mitatu, hata kama zina makosa. Kumi za namna hiyo zinakutosha kuliko mia za msaidizi.

Kisha chukua rekodi ya kikao cha wakulima peke yake. Ya redio ana mtangazaji anayemkatiza, na ya wafanyakazi anaongea na watu anaoweza kuwafuta kazi. Wewe unamwandikia mtu aliyesimama mbele ya wakulima. Chukua dakika tano za katikati, si salamu, uandike kila neno kama lilivyo, na kila anapovuta pumzi uanze mstari mpya. Usisahihishe sarufi. Ukimaliza tuwekee kipande hapa, ukiondoa majina ya watu.

Mwalimu_Bungoma

Mimi humwandikia mwalimu mkuu wetu hotuba ya siku ya wazazi. Mwaka juzi nilitumia njia hiyo ya rekodi, nikaandika hata kikohozi. Alikuwa na mafua siku aliyorekodiwa. Naye anasoma kila kilicho kwenye karatasi, hata kwenye mabano, na nilikuwa nimeandika "(anakohoa)". Alisoma "anakohoa". Kwa hivyo angalieni.

Jirani_wa_Kondele

Mwalimu, umenimaliza 😂

Karani, kazi ya dakika tano imenichukua karibu saa moja na nusu. Kipande hiki hapa, anazungumza kuhusu wakulima wanaokataliwa mpunga kinuni:

Sasa.
Gunia moja.
Gunia moja tu la mpunga.
Mama ametoka Ahero,
amelipa boda,
amefika kinuni, anaambiwa unyevu.
Sasa unyevu ni nini?
Nani amepima?
Hapana.
Hiyo hapana.

Na nimepata barua pepe kumi na mbili za simu. Ni za mambo tofauti kabisa: mafuta ya gari, kodi ya ofisi, mtu aliyechelewesha ripoti. Lakini ni za Kiingereza, sioni zitanisaidia vipi kwenye Kiswahili.

Karani_Mstaafu

Chukua moja utueleze inavyokwenda, si kwa kuitafsiri. Inaanza na nini, inafuata nini?

Jirani_wa_Kondele

Ile ya mafuta: anaanza na lita 40. Anamtaja dereva na safari aliyokwenda. Anauliza nani alitia sahihi. Mwisho ni maneno mawili ya kukataa.

Ngoja. Ni mpangilio uleule wa gunia.

Karani_Mstaafu

Ndiyo hivyo. Kiasi, mtu, swali, kukataa. Anafikiri kwa mpangilio huo akiwa na hasira ya mafuta na akiwa na hasira ya kinu, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Sentensi za Kiingereza usizihamishe hata moja, zitakuja zimepinda. Mpangilio wa mawazo huhama. Kinachotokea kwenye barua zake na kwenye mdomo wake pia, hicho ni chake hasa. Kilichopo kwenye rekodi moja tu huenda ni cha siku hiyo, kama kikohozi cha mwalimu mkuu.

Sasa rudi kwenye rasimu yako. Umeanza na shukrani, ukaja shirika, ukamalizia na "bei bora", ambayo hakuna anayeweza kuishika mkononi. Ukimfuata yeye, unaanza na kitu kinachohesabika, unamleta mtu mmoja, ndipo unauliza. Shukrani atazitoa mwenyewe kabla hajafungua karatasi.

Jambo jingine. Umehesabu "sasa" amesema mara ngapi, na maneno ni mangapi kwa jumla?

Jirani_wa_Kondele

"Sasa" mara 14 ndani ya dakika tano. Maneno yote 430.

Karani_Mstaafu

430 kwa dakika tano ni 86 kwa dakika. Anaongea polepole, anaacha watu wapumue. Dakika saba ni kama maneno 600. Wewe andika 500, kwa sababu ataongeza ya kwake. Rasimu yako ya kwanza ilikuwa na mangapi?

Jirani_wa_Kondele

940. 🙈

Karani_Mstaafu

Basi hata angeipenda angeisoma mbio, na mtu anayekimbia hana sauti yake.

Hizo "sasa" 14 usiziandike. Atazitia mwenyewe, zinamtoka bila kufikiri. Ukiziandika, atasoma zako na kuongeza zake. Andika mbili, pale unapogeuza hoja.

Dada_wa_Milimani

Naomba nipinge kidogo kuhusu mkutano wa wafanyakazi. Nyinyi mmeutupa kwa sababu ya mtindo, mimi ningeutupa kwa sababu nyingine. Mle kuna sauti za watu wengine ambao hawakuambiwa kwamba maneno yao yataandikwa na kuhifadhiwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Hata barua pepe, je, bosi anajua unazifungua za miaka minne? Muulize kwanza.

Jirani_wa_Kondele

Barua nilizosoma ni zile nilizonakiliwa au nilizotumiwa mimi. Kuhusu rekodi ya wafanyakazi una haki, sikuwa nimefikiria. Nimeiacha.

Mrembo_wa_Maneno

Na Dholuo je? Hapo ndipo ladha ilipo. Mwekee "oyawore" na "erokamano" za kutosha, wakulima watashangilia.

Karani_Mstaafu

Angalia kwanza anahamia Dholuo wapi. Kuna mtu anayehama akisalimia, mwingine akisimulia, mwingine akikasirika. Jirani, yeye?

Jirani_wa_Kondele

Anapomtaja mkulima akiongea. Maneno ya mkulima anayasema kwa Dholuo, kisha anarudi Kiswahili kuuliza swali.

Karani_Mstaafu

Mwachie nafasi hapo. Mwandikie maneno ya mkulima kwa Kiswahili, atayageuza mwenyewe akiona nyuso za watu.

Dada_wa_Milimani

Na wageni wa kaunti nyingine? Watakuwa wamekaa kama sanamu.

Karani_Mstaafu

Sentensi moja haitawaua. Ila sibishani sana, wewe huenda uliona kikao kilichoharibika hivyo.

Jirani_wa_Kondele

Mwanzo mpya huu hapa:

Asilimia kumi na nne.
Mpunga ukizidi unyevu huo, kinu kinaukataa.
Sawa.
Lakini mama wa Ahero ana gunia moja.
Ameanika siku tatu, barabarani, akifukuza kuku.
Anafika, mtu anatia mkono guniani, anasema, "Rudi nao."
Sasa, mkono unasoma asilimia?
Kipimo kiko wapi?

Siku tatu na kuku nimevitoa kwenye rekodi ileile, sikuvitunga.

Karani_Mstaafu

Vizuri ulivyosema hivyo. Ukimtungia kisa, mwandishi wa habari atamuuliza huyo mama ni nani, na atakosa jibu. Sasa isome kwa sauti, jirekodi kwa simu, umtumie kwa WhatsApp aisikilize akiwa garini. Hana muda wa kuketi kusoma, lakini masikio yake yako wazi njia nzima hadi Ahero. Mwambie akisikia neno ambalo si lake aseme papo hapo.

Mwalimu_Bungoma

Na usikohoe.

Jirani_wa_Kondele

Nimerudi. Alisikiliza asubuhi, akanijibu kwa sauti ya sekunde arobaini. Mwanzo ameuacha wote. Kwenye "akifukuza kuku" alicheka, akaongeza jina la kuku, ambalo sikulijua. Lakini mwisho wa aya ya tatu nilikuwa nimeandika "Hapana. Hiyo hapana." Hapo alinyamaza, kisha akasema, "Hiyo nilikuwa nikiisema zamani. Siku hizi wenye vinu nakaa nao mezani."

Nikaangalia tarehe ya rekodi. Ni ya 2019, kabla hajawa mkurugenzi. Barua pepe zenye kukataa kwa maneno mawili nazo nyingi ni za mwanzo. Za mwaka huu zinaishia kwa swali tu.

Kwa hivyo nimeishia kwenye "Kipimo kiko wapi?" na hakuna kukataa. Naona panaelea. Karani, nimwekee nini hapo?

Karani_Mstaafu

Kama barua za mwaka huu zinaishia kwa swali, acha swali. Mtumie tena usikie kama ataongeza kitu.

Mrembo_wa_Maneno

Mimi bado ningeweka hapana. Wakulima waliizoea.