Tupeane uzoefu: dawa chungu ya mtoto, tuifiche ndani ya chakula au la?

Mama Tausi, Morogoro

Ndugu wazazi, naomba tupeane uzoefu. Binti yangu wa miaka mitatu, mwenye uzito wa kilo 14, amepimwa na kukutwa na malaria, na tumepewa dawa mseto ya atemetha na lumefantrini: kidonge kimoja kwa kila dozi, dozi sita kwa siku tatu, ya pili ikitolewa zikipita saa nane tangu ile ya kwanza na zilizobaki asubuhi na jioni. Vidonge tulivyopata si vile vya watoto vinavyoyeyuka na kuwa na utamu. Hivi inabidi kuvisaga, na unga wake ni mchungu. Mama mkwe anashauri niutie kwenye bakuli la uji, jirani anasema nitumie maziwa, na dada mmoja kazini ameniambia kwamba maziwa huua dawa. Nani ameshalipitia hili, na ni dawa zipi hasa zinazoharibika?

Baba Karim, Mombasa

Pole kwa kuuguza, Mama Tausi. Mwanangu alipewa klarithromisini ya maji, akawa anaimeza huku amekunja uso, lakini anaimeza. Siku ya pili tukaamua kumrahisishia kwa kuichanganya na juisi ya ukwaju, na hapo ndipo alipoitema yote. Niliionja kwa ncha ya kijiko: kwanza ulikuja ukwaju, kisha ukafuata uchungu uliokaa ulimini hadi nilipomaliza chakula cha mchana. Hadi leo sijaelewa iweje juisi yenye sukari iongeze uchungu badala ya kuufunika.

Mwalimu Pendo

Mimi nina kanuni moja: dawa hunywewa kwa maji, basi. Mtoto wangu alipohara damu aliandikiwa siprofloksasini, na muuguzi akatukataza kabisa kumpa pamoja na maziwa au mtindi kwa sababu dawa isingefanya kazi. Kwa hiyo nakushauri usimpe binti yako maziwa mpaka amalize hizo siku tatu.

Mfamasia wa Tanga

Mwalimu, muuguzi wako alisema kweli, ila kauli yake ilihusu dawa ile na jamii yake, wala haihusu dawa aliyopewa Tausi. Maziwa yana kalsiamu, na kalsiamu hushikamana na siprofloksasini tumboni, hivyo sehemu yake, karibu theluthi moja, hupita na choo bila kuingia kwenye damu. Doksisaiklini nayo ina tatizo la namna hiyo. Hatari ni kwamba hakuna dalili ya nje ya kukuonya: maziwa hayakatiki, hayabadiliki rangi, na mtoto anayafurahia, kisha siku mbili zinapita damu bado iko kwenye choo na watu wanasema dawa ilikuwa bandia. Kidonge cha siprofloksasini unaweza kukisaga na kukichanganya na ndizi mbivu iliyopondwa, kijiko kimoja cha chai, bila maziwa karibu yake.

Dawa mseto ni kinyume chake. Lumefantrini inahitaji mafuta ili ifyonzwe, na mtoto akiinywa tumbo likiwa tupu huingia kidogo sana mwilini, kiasi kwamba homa inaweza kushuka kisha malaria ikarudi baada ya wiki chache. Kwa hiyo jirani yako, Mama Tausi, amekushauri vyema: maziwa yasiyotolewa mafuta, uji wa karanga, au ziwa la mama kwa anayenyonya, vyote vinafaa.

Ninalolipinga ni lile bakuli. Ukitia kidonge kwenye bakuli zima la uji na mtoto akaacha nusu, huwezi kujua kama amekunywa nusu ya dawa, robo yake au karibu yote, kwa maana unga haujagawanyika sawasawa na mwingi hutuama chini. Kwa hiyo huwezi kumwongezea, na huwezi kumwacha. Saga kidonge katikati ya vijiko viwili, ukichanganye na maji au maziwa kijiko kimoja au viwili vya chai, mpe yote, kisha suuza kikombe kwa maji kidogo na masuuzo hayo pia ayanywe. Maziwa mengine au uji vifuate hapo hapo. Akitapika kabla ya saa moja kupita, dozi irudiwe nzima, na mrudi kituoni kuongezewa kidonge ili zile sita zisipungue. Asipoweza kabisa kuzuia chochote tumboni, akilegea sana au akishikwa na degedege, msingoje dozi inayofuata. Mpelekeni hospitali mara moja.

Kaka Baba Karim, chembe za klarithromisini ya maji zimevikwa utando wa kuzuia uchungu, na utando huo huachia kwenye uchachu. Ukwaju, pasheni, chungwa na ndimu vyote huivua nguo. Maziwa hayaidhuru. Na chupa yake isiwekwe kwenye friji, maana huganda kama uji mzito na kuwa chungu zaidi.

Bi Asha

Nimeona mnazungumzia uji, nami mjukuu wangu hataki tena uji wa lishe wala kuuona. Kila bakuli analinusa kwanza. Nimpe kitu gani cha kumtia hamu ya kula? Mama yake alikuwa akimtilia humo dawa ya minyoo na nyinginezo, lakini hilo lilikuwa mwezi uliopita.

Mfamasia wa Tanga

Shikamoo Bi Asha. Nadhani hamu anayo. Ni uji ndio anaoushuku. Mpeni kwa muda kitu kingine, viazi vya kuponda au mtori, na dawa isitiwe tena kwenye chakula anachokitegemea kila siku.

Baba Karim, Mombasa

Hapo kwa Bi Asha ndipo ninapoona bora tusiwafiche. Mtoto wa miaka mitatu anaelewa ukimwambia kwamba hii ni dawa, ni chungu, na baada yake kuna tende.

Mwalimu Pendo

Wa kwako huenda anaelewa. Wangu ukimtajia dawa anafunga kinywa, na ukilazimisha huku analia anapaliwa. Nitaendelea kuificha kwenye kijiko cha ndizi, ingawa sasa nitauliza kwanza ni dawa gani.

Mama Tausi, Morogoro

Nashukuruni nyote. Jioni nimeisaga, nikaichanganya na maziwa vijiko viwili, nikamwambia ni dawa. Alilia, akanywa, na masuuzo ya kikombe nimempa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, taratibu, upande wa ndani wa shavu. Saa moja imepita na hajatapika. Mama mkwe bado anaamini bakuli lingekuwa rahisi zaidi.

Mama Nuru

Nami naomba kuuliza. Wangu anatumia dawa za kifua kikuu, zile za kuyeyusha kwenye maji, na tumeambiwa anywe asubuhi kabla ya kula. Zina utamu, lakini tumbo likiwa tupu anatapika karibu kila siku. Naweza kumtangulizia uji kidogo?

Mfamasia wa Tanga

Rifampisini iliyomo ndani yake hufyonzwa vizuri zaidi kabla ya chakula, ndiyo sababu ya agizo hilo, lakini dawa inayotapikwa nayo haimsaidii. Wapo watoto wanaoruhusiwa chakula chepesi kidogo kwanza, ila uamuzi huo ufanywe na kliniki inayomwona, nao wajue kwamba anatapika na ni dakika ngapi baada ya dozi. Usisubiri tarehe ya kliniki, nenda kesho. Ukiyeyusha, mpe ndani ya dakika kumi, usiache kikombe kikakaa.

Mama Nuru

Huwa anatapika kabla hata sijaosha kikombe. Nitakwenda kesho asubuhi.